Mradi wa Karanga wa Tanganyika

Mradi wa Karanga wa Tanganyika ulikuwa mpango wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga kwa mashine katika maeneo makubwa ya Afrika ya Mashariki, hasa Tanganyika (leo Tanzania bara), kati ya miaka 1947 na 1951. Lengo lake lilikuwa kuwapatia Waingereza mafuta ya kula yaliyokuwa adimu baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mashamba yalifunguliwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mradi ulisimamishwa mwanzoni mwa mwaka 1951, na serikali ikafuta katika vitabu vyake pauni milioni 36.5.

Tangu hapo mradi huu umekuwa mfano unaotumiwa mara nyingi katika masomo ya maendeleo, kilimo na usimamizi wa miradi. Mara nyingi watu huutaja kama kichekesho cha trekta zilizoshindwa na mibuyu, lakini mibuyu haikuwa sababu kuu. Makala hii inaeleza jinsi mradi ulivyopangwa na kutekelezwa, kisha inachambua sababu za msingi za kushindwa kwake, dalili zilizoonekana mapema na mapendekezo yanayotokana nayo.

## Asili ya mpango

Mwaka 1946 mafuta ya kupikia na majarini bado yaligawiwa kwa kiasi maalumu nchini Uingereza. Frank Samuel, mkurugenzi wa Kampuni ya Muungano ya Afrika iliyokuwa tawi la kampuni ya Unilever, aliipelekea serikali wazo la kulima karanga kwa mashine katika ardhi ya Tanganyika aliyoiona kuwa tupu. Wizara ya Chakula ililikubali, na John Strachey, aliyekuwa waziri wa chakula tangu Mei mwaka huo, akawa mtetezi wake mkuu.

Ujumbe wa watu watatu ulitumwa kuchunguza. Kiongozi wake alikuwa John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Ujumbe ulizunguka kwa muda wa wiki tisa hivi katikati ya mwaka 1946, na sehemu kubwa ya ardhi uliitazama kutoka kwenye ndege. Miezi hiyo ni ya kiangazi katika Tanganyika ya kati. Kwa hiyo hakuna mjumbe aliyeona msimu hata mmoja wa mvua katika mashamba aliyoyapendekeza.

Ripoti yao ilipendekeza kusafisha ekari milioni 3.21 (hektari milioni 1.3 hivi) katika muda wa miaka sita. Ardhi hiyo ingegawanywa katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja: 80 Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia) na 10 Kenya. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni milioni 24. Baraza la mawaziri lilikubali mwishoni mwa mwaka 1946, na waraka wa serikali ukachapishwa Februari 1947.

Ripoti haikupendekeza shamba la majaribio. Hoja ilikuwa kwamba upungufu wa mafuta ulikuwa wa dharura, na kusubiri majaribio kungechelewesha mavuno.

## Utekelezaji

Kwa kuanzia kazi ilisimamiwa na Kampuni ya Muungano ya Afrika kama wakala wa serikali, bila kuweka mtaji wake. Tarehe 1 Machi 1948 ilichukuliwa na shirika jipya la umma, Shirika la Chakula la Ng'ambo, chini ya mwenyekiti Leslie Plummer.

Mahali pa kwanza palikuwa Kongwa, katika nchi ya Wagogo, karibu na Mpwapwa. Mpango ulitaka ekari 150,000 zisafishwe na kupandwa katika mwaka wa kwanza. Mashine mpya hazikupatikana kwa sababu viwanda vilikuwa bado havijapona na vita. Wanunuzi walikusanya trekta na tingatinga zilizoachwa na majeshi, nyingine kutoka Misri na nyingine kutoka Ufilipino. Mashine hizo ziliteremshwa katika bandari ya Dar es Salaam, ambayo haikuwa na nafasi ya kupokea mizigo mingi kiasi hicho, kisha zikasafirishwa kwa njia moja tu ya Reli ya Kati. Mafuriko yalipobomoa reli hiyo, mizigo ilikwama.

Zilizofika Kongwa zilikuta vichaka vizito vilivyofungamana na mibuyu mikubwa. Vichaka viliangushwa kwa kuburuta mnyororo wa nanga ya meli kati ya tingatinga mbili. Njia hiyo ilifaa kwa kuangusha matawi na mashina, lakini mizizi ilibaki ardhini. Kuikata kulihitaji majembe mazito ya mashine, na udongo wa Kongwa, wenye chembe kali za mchanga, ulisaga makali yake haraka. Vipuri havikuwapo vya kutosha, karakana haikuwa tayari, na madereva wengi walikuwa wamefundishwa kwa muda mfupi tu. Hadi kufikia robo ya tatu ya mwaka 1947, karibu theluthi mbili za trekta zilizoletwa zilikuwa hazifanyi kazi.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza zilipandwa ekari 7,500 hivi, yaani sehemu moja tu kati ya ishirini ya lengo. Hata hivyo mradi haukusimamishwa ili kutafakari. Maeneo mengine mawili yalifunguliwa: Urambo upande wa magharibi na Nachingwea upande wa kusini. Kwa ajili ya Nachingwea ilianza kujengwa reli mpya na bandari ya kina kirefu Mtwara. Ili kupunguza uhaba wa trekta, vifaru vya kivita vya aina ya Sherman viligeuzwa kuwa mashine za kusafishia ardhi, lakini navyo havikudumu.

Mvua za msimu wa 1948/49 zilikuwa haba huko Kongwa, na mavuno yakawa duni. Malengo yalipunguzwa mara kadhaa. Mwaka 1949 wakaguzi wa hesabu walieleza kwamba vitabu vya hesabu vya shirika havikuwa vimetunzwa ipasavyo, na jambo hilo lilizua mjadala mkali bungeni London. Novemba mwaka huo Wakefield aliondolewa katika bodi ya shirika. Januari 1951 serikali ilitangaza kuachana na lengo la kuzalisha karanga kwa wingi.

## Sababu za msingi

Katika uchambuzi wa mradi ulioshindwa hutenganishwa sababu za karibu na sababu za msingi. Sababu ya karibu ni ile inayoonekana siku ya tukio, kama trekta iliyoharibika. Sababu ya msingi ni ile ambayo isingekuwapo, trekta iliyoharibika ingekuwa hasara ndogo tu. Njia rahisi ya kuifikia ni kuuliza "kwa nini" mara kwa mara mpaka kufika kwenye uamuzi ambao mtu angeweza kuufanya vingine.

### Mfano wa mavuno ya Kongwa

Kwa nini mavuno ya Kongwa yalikuwa madogo? Pamoja na ukame, sehemu ya karanga ilibaki ardhini. Mkaranga huchanua maua juu ya ardhi. Baada ya kuchavushwa, ua hutoa kikonyo kinachoinama na kuingia udongoni, na ganda hukua humo ndani. Kwa hiyo zao hili linahitaji udongo laini mara mbili: wakati kikonyo kinapoingia na wakati wa kung'oa.

Kwa nini karanga zilibaki ardhini? Kwa sababu udongo wa Kongwa una mfinyanzi unaoshikamana. Ukiwa na unyevu hulimika vizuri, lakini mvua zikiisha na jua likiwaka hukauka na kuwa mgumu kama saruji. Karanga hukomaa wakati huohuo mvua zinapoisha. Mkulima mwenye jembe la mkono anaweza kuchimbua shina moja moja. Mashine hukata vikonyo na kuyaacha maganda chini.

Kwa nini jambo hilo halikujulikana? Kwa sababu hapakuwa na mtu aliyewahi kulima, kupanda na kuvuna karanga kwa mashine katika udongo huo kwa msimu mzima kabla ya mpango kupitishwa. Kupima sampuli ya udongo kunaonyesha rutuba, lakini hakuonyeshi jinsi mashine itakavyofanya kazi siku ya mavuno.

Kwa nini hakukuwa na majaribio? Kwa sababu tarehe ya mavuno ilikuwa imekwisha kupangwa kutokana na haja ya mafuta nchini Uingereza, na msimu mmoja wa majaribio ulihesabiwa kuwa mwaka uliopotea.

Hapa ndipo penye sababu ya kwanza ya msingi. Ratiba ilitoka katika hali ya soko la Uingereza, wala haikutoka katika hali ya ardhi ya Tanganyika. Baada ya uamuzi huo kila tatizo la ardhi liligunduliwa na mradi wenyewe ukiwa umeshaajiri maelfu ya watu na kununua mamia ya mashine.

### Mpangilio wa hatua uliogeuzwa

Sababu ya pili ni mpangilio wa kazi. Kusafisha ekari 150,000 kulihitaji kwanza bandari yenye nafasi, reli inayotegemeka, karakana, akiba ya vipuri, maji na madereva. Katika mpango vitu hivi vilitakiwa kujengwa sambamba na usafishaji wenyewe. Matokeo yake ni kwamba mashine zilifika kabla ya karakana, na zilipoharibika hapakuwa na mahali pa kuzitengeneza. Mashine za kijeshi za aina mbalimbali ziliongeza ugumu, kwa kuwa kipuri cha aina moja hakikufaa kwa nyingine.

### Kipimo kisicho sahihi

Sababu ya tatu ni kipimo cha maendeleo. Mradi ulipimwa hasa kwa ekari zilizosafishwa, wakati kilichohitajika London kilikuwa tani za mafuta. Meneja aliyesukumwa kuongeza ekari alikuwa na sababu ya kusafisha ardhi yoyote iliyo karibu, hata kama haikufaa karanga. Kipimo cha ekari kilionyesha kasi ya mashine bila kuonyesha kama mpango mzima una maana.

### Uamuzi uliofanywa mbali na shamba

Sababu ya nne ni utawala. Mradi ulikuwa chini ya Wizara ya Chakula mjini London, kilomita maelfu kutoka Kongwa. Wakala wa kwanza alisimamia bila kuhatarisha fedha zake, na usimamizi ulihamishwa katikati ya kazi. Wakefield aliyeandika mpango aliingia baadaye katika bodi iliyotakiwa kuuhukumu. Hapakuwa na chombo huru chenye uwezo wa kusema "simama" kabla ya habari kufika bungeni.

## Dalili za onyo

Baadhi ya dalili zilikuwapo kabla ya trekta ya kwanza kuwasili.

Ya kwanza ilikuwa historia ya mvua. Ugogo hupata wastani wa milimita 500 hivi kwa mwaka, karibu na kiwango cha chini ambacho karanga huhitaji, na mvua hizo hutofautiana sana kati ya mwaka na mwaka. Wastani unaofaa hauna msaada ikiwa mwaka mmoja kati ya michache ni wa ukame. Wagogo walikuwa bado wanakumbuka njaa kubwa ya Mtunya ya miaka 1917 hadi 1920. Mazao yao ya kutegemewa yalikuwa uwele na mtama, ambayo huvumilia ukame, na mifugo ilikuwa akiba yao. Uchaguzi huo wa mazao ulikuwa kumbukumbu ya hali ya hewa yenye urefu kuliko vipimo vyovyote vilivyokuwa ofisini.

Ya pili ilikuwa ile ardhi tupu yenyewe. Wapangaji waliona kutokuwapo kwa watu kama faida, kwa sababu hakuna ambaye angehamishwa. Lakini wafugaji na wakulima huacha ardhi kwa sababu fulani: Kongwa ilikuwa na shida ya maji, na sehemu kubwa ya misitu ya Urambo ilikuwa na mbung'o. Swali "kwa nini hakuna anayeishi hapa?" halikupewa uzito.

Dalili nyingine zilionekana baada ya kazi kuanza. Iliyo wazi kuliko zote ni ile ya mwisho wa mwaka 1947: ekari 7,500 badala ya 150,000. Mradi ukichelewa kwa asilimia kumi unaweza kusema una matatizo ya kawaida. Ukifikia asilimia tano tu ya lengo, makadirio yenyewe ndiyo yenye kosa. Hata hivyo hitilafu hiyo ilielezwa kwa mambo ya nje kama reli na bandari, na maeneo mapya yakafunguliwa kwa makadirio yaliyotokana na mawazo yaleyale.

Dalili nyingine ilikuwa trekta zilizokaa karakanani. Dalili ya mwisho ilikuwa hesabu. Shirika lisiloweza kuonyesha limetumia nini wapi haliwezi kujua gharama ya ekari moja, na lisipojua gharama ya ekari moja haliwezi kujua kama linaendelea au linarudi nyuma.

## Mapendekezo

Waandishi kadhaa walitoa mafunzo mapema. Alan Wood, aliyekuwa mkuu wa idara ya habari ya shirika, alichapisha kitabu chake juu ya mradi mwaka 1950. Mwanauchumi Herbert Frankel naye aliuchambua kama onyo juu ya kuingiza mtaji na mashine mahali ambapo hali ya wenyeji haijajulikana. Mapendekezo yanayotokana na kisa hiki ni haya:

1. '''Jaribio la msimu kamili, hadi mavuno.''' Shamba dogo lililosafishwa, kulimwa, kupandwa na kuvunwa kwa mashine zilezile zitakazotumiwa lingeonyesha ugumu wa udongo, kusagika kwa majembe na maganda yanayobaki ardhini katika msimu mmoja tu. Jaribio linaloishia kwenye kusafisha au kupanda halitoshi, kwa sababu tatizo la Kongwa lilikuwa upande wa mavuno.
2. '''Masharti ya kusonga mbele yaandikwe kabla ya kuanza.''' Kwa mfano, Nachingwea isifunguliwe mpaka Kongwa imevuna kiasi kilichotajwa. Sharti likiandikwa mapema, ni vigumu kulipuuza baadaye kwa kusingizia bahati mbaya.
3. '''Maendeleo yapimwe kwa matokeo yanayotakiwa.''' Katika mradi huu kipimo kilipaswa kuwa tani za karanga zilizovunwa na gharama ya kila tani.
4. '''Njia za uchukuzi na karakana zitangulie.''' Idadi ya mashine ilingane na uwezo wa bandari, reli na mafundi, na aina za mashine ziwe chache.
5. '''Ujuzi wa wenyeji uchukuliwe kama takwimu.''' Mazao wanayopanda, miaka ya njaa wanayoikumbuka na maeneo wanayoyaepuka ni vipimo vya muda mrefu.
6. '''Anayepanga asiwe mwamuzi wa mpango wake.''' Mtu au chombo huru kipewe uwezo wa kusimamisha kazi.

## Mjadala

Si wote wanaokubali kwamba wapangaji walikuwa wapumbavu. Upungufu wa mafuta ulikuwa wa kweli, na uzoefu wa vita ulikuwa umewafanya wengi waamini kwamba mashine na nidhamu ya kijeshi vinaweza kushinda lolote. Ukame pia haukuwa kosa la mtu. Lakini hoja ya ukame ina kikomo: katika nchi ambayo ukame hurudi mara kwa mara, mpango unaohitaji mvua nzuri kila mwaka una kosa tangu mwanzo. Nachingwea, iliyokuwa na mvua bora zaidi, nayo haikufikia malengo yake, jambo linaloonyesha kwamba mvua peke yake haielezi kushindwa kote.

## Baada ya mradi

Mashamba yaliyobaki yalifanywa kwa kiwango kidogo, na katikati ya miaka ya 1950 yalikabidhiwa kwa Shirika la Kilimo la Tanganyika. Kongwa iligeuzwa kuwa ranchi ya ng'ombe, matumizi yaliyokuwa karibu na yale ya Wagogo wenyewe. Urambo wakulima wenye mashamba ya wastani walifanikiwa kwa tumbaku. Reli ya Nachingwea haikupata mizigo ya kutosha na ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini bandari ya Mtwara inatumika hadi leo.

Majengo ya mradi yalipata kazi nyingine baada ya uhuru. Kongwa na Nachingwea zikawa na kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, wakiwemo wa FRELIMO kutoka Msumbiji.